Vazi limekaa, ila shingoni kuna mstari: kusafisha mabaki baada ya kubadilisha nguo kwenye picha

Picha ninayoitumia hapa kama mfano ni ya sendofu, ilipigwa Tabata jua likiwa linaelekea kuzama. Mashangazi na mama wadogo kumi na mmoja wamesimama mstari mmoja. Kumi wamevaa sare ya kitenge cha kijani chenye maua ya manjano, na mmoja yuko na gauni la bluu kwa sababu fundi hakumaliza mshono wake kwa wakati. Familia ikaomba huyo naye avishwe sare, kisha picha ichapwe A3 iwekwe fremu sebuleni.

Kazi kubwa ilikwisha kufanyika. Kitenge kilikatwa kutoka kwa dada yake aliyesimama mkao unaofanana, kikalazwa juu ya gauni, kikapewa kivuli, mikunjo ikakubali. Binti aliyekuja kuikagua aliitazama kwenye skrini akasema, "Kaka, nguo imemkaa vizuri, ila shingo ya mama mdogo imekuwaje?"

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi kwa maneno tofauti, na majibu yake karibu yote yanatokana na jambo moja. Zana ya kunakili, iliyoandikwa Clone Stamp, huhamisha pikseli kama zilivyo: rangi, mwanga na umbile, vyote kwa pamoja. Zana ya kuponya, iliyoandikwa Healing Brush, huchukua umbile tu kutoka kwenye chanzo. Rangi na mwanga inaviazima pale pale unapopaka, kutoka kwenye pikseli zinazozunguka ulipopita. Katikati ya ngozi au katikati ya kitambaa, tabia hiyo ya kuazima ni neema. Ukingoni, pale kitambaa kinapokutana na shingo, ndiyo inayoharibu kazi. Kwa hiyo ukingoni nakili, katikati ponya.

Majina ya zana ni kama yanavyosomeka kwenye Photoshop. Anayetumia GIMP atazikuta kama Clone na Heal, na chanzo atakichagua kwa kushika Ctrl badala ya Alt.

Kabla ya kugusa doa lolote

Fungua leya mpya tupu juu ya leya ya vazi, uipe jina, na usafi wote ufanyie humo. Kwenye mstari wa chaguo za zana, sehemu ya Sample, weka Current & Below ili zana isome vilivyo chini na kupaka kwenye leya yako tupu. Ukikosea, unafuta kosa peke yake bila kugusa vazi. Kisha bonyeza Ctrl+1 uione picha kwa asilimia 100. Ukikuza hadi asilimia 400 utahangaika na vitu ambavyo karatasi haitavionyesha kamwe, na ukibaki kwenye asilimia 25 utapitwa na vile ambavyo itavionyesha.

Dalili ya kwanza: mstari mwembamba, mweupe au wa rangi ngeni, kati ya nguo na ngozi

Hii ndiyo inayoripotiwa kuliko zote. Kwenye picha yetu mstari ulikuwa upande wa kushoto wa shingo, upana wa pikseli 4 hivi, wenye weupe unaoelekea bluu. Faili ina pikseli 6000 kwa 4000. Ikichapwa A3 kila milimita inabeba kama pikseli 13 au 14, kwa hiyo mstari ule ungetoka na upana wa karibu theluthi ya milimita. Unasikika mdogo, lakini weupe wa upana huo juu ya ngozi nyeusi unaonekana kama uzi uliosahaulika shingoni, na jicho la kila mgeni atakayekaa sebuleni litaanzia hapo.

Sababu ya mara nyingi ni kwamba kitenge kilipokatwa kilikuja na pikseli chache za mandhari ya kule kilikotoka. Inayofuata ni nguo ya zamani kuchungulia chini ya mpya. Mara chache zaidi kosa ni la kunoa: picha ilinolewa baada ya vazi kuwekwa, na kunoa huongeza weupe upande mmoja wa ukingo na weusi upande wa pili.

Kuzitofautisha ni kazi ya sekunde tano. Zima jicho la leya ya kitenge. Mstari ukitoweka pamoja nacho, ulikuja na kitenge. Kama mahali pale pale unaona kipande cha gauni la zamani, basi ni gauni linalochungulia. Na ukikuta mistari kama hiyo kwenye mabega ya mashangazi wengine ambao hakuna aliyewagusa, kosa ni la kunoa, na dawa yake ni kurudi kwenye faili la kabla ya kunoa.

Dawa nyepesi ni maski. Kama kitenge bado kina maski yake, punguza ukingo wa maski pikseli moja au mbili kuelekea ndani kabla hujashika zana yoyote ya kunakili. Mara nyingi nusu ya mstari inaondoka hapo. Ila kama ni gauni linalochungulia, kupunguza maski kutazidisha tatizo. Hapo unapanua, au unanakili ngozi juu ya bluu.

Kinachobaki kisafishe hivi. Chukua Clone Stamp, brashi yenye upana kama mara mbili ya mstari, kwetu ilikuwa pikseli 9. Hardness iwe karibu na asilimia 50, Opacity asilimia 40. Mstari huu upe leya yake tupu, Mode ya zana iache Normal, na hali ya leya hiyo ibadilishe kuwa Darken. Hapo ndipo siri ilipo: ukiwa na Darken, unachopaka kinabadilisha tu pikseli za chini ambazo ni angavu kuliko chanzo. Mstari mweupe unatiwa giza la ngozi, lakini kitenge cha kijani kilichokoza kilichopo jirani hakiguswi hata brashi ikikipitia kidogo. Kama tatizo ni kinyume chake, mstari mweusi kwenye kitambaa cheupe cha kanzu kwa mfano, tumia Lighten.

Shika Alt, bonyeza kwenye ngozi pikseli 10 hadi 15 kutoka kwenye mstari, kwa usawa wa pale unapotaka kupaka. Usichukue chanzo kutoka juu ya shingo kuja kupaka chini, maana mwanga wa jioni unashuka haraka kutoka taya hadi kola na kiraka kitaonekana. Paka kipande kifupi, inua, chukua chanzo kipya, endelea. Kwenye shingo ile nilichukua chanzo upya mara tisa kwa mstari usiofika sentimita tatu kwenye karatasi. Anayechukua chanzo mara moja na kuburuta hadi mwisho ndiye anayerudi baadaye na dalili inayofuata.

Acha hapo ikiwa mstari unapita kwenye nywele, kwenye uzi mwembamba wa mkufu, au ukiona una upana wa zaidi ya pikseli 15. Huo si mstari tena, ni mkato mbaya. Rudisha faili kwa aliyekata vazi akate upya, itakuwa haraka kuliko kuchora ngozi ambayo hukuwa nayo.

Dalili ya pili: wingu au doa lenye rangi ya nguo chini ya kidevu na kandokando ya kola

Mhariri mmoja kijana aliniletea picha hii hii akiwa ameshajaribu kuuondoa ule mstari kwa Healing Brush. Mstari uliondoka. Mahali pake pakabaki wingu la kijani kibichi, kama ukungu wa ukutani wakati wa masika, limepanda hadi nusu ya shingo.

Sababu ya kwanza ni hiyo niliyoitaja mwanzoni. Kiraka kinachoponywa kinalinganishwa na rangi za pembezoni mwake. Pembe moja ikigusa kitenge, zana inaamini kwamba kijani ni sehemu ya rangi ya mahali hapo, na inakisambaza ndani ya ngozi. Zana ya kuponya madoa yenyewe, Spot Healing Brush, inafanya kosa hilo kwa urahisi zaidi kwa sababu hata chanzo inajichagulia.

Hakiki kwanza kama wingu ni lako. Zima jicho la leya ya usafi. Likitoweka, ulilileta wewe. Futa sehemu hiyo ya leya kwa kifutio na urudi kwenye hali ya awali. Usijaribu kuponya juu ya doa la kuponya, kwani kila pigo linasukuma kijani mbele zaidi.

Kisha fanya kazi kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza ni ukingo wenyewe: kwa Clone Stamp, jenga ukanda mwembamba wa ngozi safi kando ya kola, upana wa pikseli 10 hivi. Awamu ya pili ni ndani: sasa shika Healing Brush, ukibaki mbali na kitenge kwa angalau upana mzima wa brashi. Ukanda uliojenga unakuwa ukuta, na zana inapoazima rangi inakuta ngozi pande zote.

Kama nafasi ni finyu mno kwa ukuta, chora uteuzi kwanza. Uteuzi uwe mkubwa kuliko doa, lakini upande wa kitenge ufuate mpaka wa kola kwa usahihi, usiingie hata kidogo upande wa kijani. Zana ya kuponya haitavuka uteuzi na haitaazima rangi kutoka ng'ambo yake. Ukimaliza bonyeza Ctrl+D.

Sasa, kuna doa linalofanana na hili ambalo si kosa la zana yoyote, na ndilo lililonichukua muda mrefu zaidi kwenye picha hii. Nilipozima leya yangu ya usafi, na hata leya ya kitenge, chini ya kidevu cha mama mdogo kulikuwa bado na rangi ngeni, na haikuwa kijani bali bluu. Ilitoka kwenye gauni lake la awali. Jua la jioni lilipiga kifua cha gauni, likarusha bluu juu, ikatua chini ya kidevu na kwenye taya. Dada zake waliovaa kitenge wana mrusho wa kijani mahali hapo hapo. Jicho la mtazamaji halitaweza kusema kuna nini, lakini litahisi kwamba yule mmoja ameongezwa.

Hilo usilinakili wala kuliponya. Umbile la ngozi ni zima, kilicho kibaya ni rangi peke yake. Fungua leya nyingine tupu, hali yake iwe Color, chukua brashi ya kawaida laini yenye Opacity asilimia 15, chota rangi chini ya kidevu cha dada aliyesimama jirani na mwenye ngozi inayokaribiana, kisha pitia polepole mara mbili tatu. Hali ya Color inabadilisha rangi bila kugusa mwanga, kwa hiyo vinyweleo na mikunjo ya shingo vinabaki vyake. Hapo ndipo binti yule alipotulia, ingawa mstari wa shingoni ulikuwa umeondoka nusu saa kabla.

Dalili ya tatu: ua limekatika, au ua moja limezaliwa mara mbili

Kwenye kitambaa kisicho na urembo, pacha ndilo tatizo: mkunjo mmoja au alama moja inajirudia kwa sababu chanzo kilikuwa karibu mno na doa, na Aligned ikawa imewashwa ukaburuta mbali. Punguza picha hadi asilimia 25 utaiona papo hapo. Ukiigeuza kushoto kulia, utaiona upesi zaidi. Vunja upacha kwa kunakili vipande vidogo kutoka sehemu mbili tatu tofauti.

Kitenge kina sheria nyingine kabisa, na wengi wanakwama hapa kwa sababu wanatumia mbinu za ngozi. Kitenge kinajirudia chenyewe, kiwandani kilichapwa hivyo. Kosa huwa ni kurudia mahali pasipostahili. Kwenye bega la mama mdogo, pale mkono ulipounganishwa na kifua, ua la manjano lilikatika katikati na nusu ya pili ikaanza sentimita moja chini.

Kwanza jiulize kama ni kosa kweli. Fundi akikata kitambaa na kuunganisha mkono, maua yanakatika kwenye mshono, ndivyo nguo zote zilivyo. Tazama mabega ya dada zake. Kama kwao yanakatika kwenye mshono, acha lake nalo likatike, lakini likatike kwenye mstari wa mshono hasa, si pembeni yake.

Likiwa ni kosa, tafuta ua kamili la aina hiyo hiyo mahali pengine kwenye nguo, lenye mwanga unaofanana. Chagua alama moja isiyokosewa, mfano ncha ya petali ya juu. Alt na ubonyeze kwenye ncha hiyo, kisha anza kupaka kwenye ncha ile ile ya ua lililovunjika. Aligned iwe imewashwa ili hata ukiinua mkono uhusiano usipotee. Hapa Mode ni Normal, Opacity asilimia 100, Hardness asilimia 70 hadi 80, maana kingo za chapa ni kali na brashi laini itazifanya zionekane kama zimelowa. Kama kitambaa kimeinama kwa sababu ya bega, fungua dirisha la Clone Source, na kwenye kisanduku cha nyuzi geuza chanzo kidogo. Nyuzi 8 zilitosha kwetu.

Khanga ni jambo la kuogopa zaidi. Ina pindo pande zote, mji katikati, na jina, yale maandishi yanayosomwa na kila mtu. Usinakili juu ya jina. Herufi moja ikipinda au kujirudia, methali inageuka kitu kingine, na bibi aliyeichagua khanga ile kwa ajili ya ujumbe wake ataona kabla hata ya kuvaa miwani. Kasoro ikiangukia kwenye jina, simama na uombe picha nyingine ya khanga hiyo iliyonyooka, ili sehemu yote iwekwe upya.

Dalili ya nne: sehemu iliyosafishwa imelainika kama plastiki

Karibu kila mara ni brashi laini kabisa, Hardness sifuri, yenye Opacity ndogo, iliyopitishwa mara nyingi. Kila pigo linachanganya chembechembe za picha na nyingine, na zikichanganywa zinasawazika hadi zinafutika. Futa sehemu hiyo, rudia kwa mapigo machache yenye nguvu zaidi, Hardness asilimia 50 kwenda juu. Kama ulishafunga faili na huwezi kurudi nyuma, Healing Brush inaweza kurudisha umbile: chukua chanzo kwenye ngozi yenye vinyweleo inayolingana na pale, na upake katikati tu, mbali na ukingo.

Chunguza pia faili lilikotoka. Picha iliyopita WhatsApp kama picha ya kawaida imebanwa, na JPEG hubana kwa vigae vya pikseli 8 kwa 8. Ukinakili ngozi hiyo unahamisha vigae pamoja nayo, na havitapangana na vya jirani. Omba itumwe upya kama hati, au ichukuliwe moja kwa moja kwenye kadi ya kamera.

Dalili ya tano: zana inapaka lakini hakuna kinachotokea, au kiraka kinatoka na giza kuliko chanzo

Isipopaka kabisa, angalia kama Sample imebaki Current Layer: uko kwenye leya tupu, zana inanakili utupu. Halafu bonyeza Ctrl+D, huenda kuna uteuzi mdogo umesahaulika pembeni ya picha.

Kiraka kikitoka na giza au umanjano uliozidi, huenda kuna leya ya marekebisho juu, kwa mfano Curves, na Sample yako ni All Layers. Zana inasoma rangi iliyokwisha rekebishwa, inaipaka chini ya marekebisho, na inarekebishwa mara ya pili. Rudi kwenye Current & Below, na hakikisha leya ya usafi iko chini ya Curves.

Kabla ya kuipeleka kuchapwa

Juu ya leya zote weka Curves ya muda, uinue na kuishusha kwa ukali hadi picha iwe mbaya. Viraka ambavyo macho hayakuviona vitajitokeza kama mabaka. Visafishe ukiwa umezima Curves hiyo, iwashe tena uhakiki, kisha uifute kabisa.

Halafu usichape A3 nzima. Kata ukanda wenye shingo, bega na mkono, kwa ukubwa ule ule utakaokuwa kwenye A3, ukauchape kwenye karatasi ndogo ya aina ile ile itakayotumika. Utazame dirishani mchana, kwa umbali wa mkono. Ukanda wetu ulionyesha kitu kimoja ambacho skrini ilikificha: vidole vya mama mdogo, vilivyoshika pochi mbele ya kitenge, vilikuwa na ukingo uliochongoka kama umekatwa kwa mkasi butu.

Hapo niliacha. Vidole vina kucha, mikunjo na kivuli chake kila kimoja, na mtu anavijua vidole vya mama yake. Faili lilirudi kwa aliyekata kitenge, akafungua maski na kuupitia mkono ule upya kwa kalamu, kidole baada ya kidole, na siku ya pili ukanda ulichapwa tena.